Shajara ya steshenari yangu Moshi: kutoka kaunta ya mashine hadi bei ya ukurasa

6 Januari

Nimelipa kodi ya fremu leo. Iko upande wa Barabara ya Sokoine, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Ushirika. Ni 120,000 kwa mwezi na mwenye nyumba ametaka miezi sita kwa mkupuo, yaani 720,000 zimetoka kabla sijanunua hata pini. Jumla niliyonayo ni 5,400,000: akiba yangu ya miaka mitatu, pamoja na milioni mbili za mkopo wa kikoba ambazo marejesho yake yanaanza Machi.

Naanza kuandika daftari hili kwa sababu moja. Kila niliyemuuliza kuhusu biashara hii alinitajia bei ya mashine na bei anayotoza kwa kopi. Hakuna aliyenitajia ukurasa mmoja unamgharimu shilingi ngapi. Wengine walihesabu karatasi peke yake, wakasema, "Rimu elfu kumi na mbili, kurasa mia tano, shilingi ishirini na nne. Ukitoza hamsini umepata zaidi ya nusu." Sijaamini. Nitapima mwenyewe.

9 Januari

Mdogo wangu ananishawishi tuanze na Epson L3250 peke yake, ya 620,000, tuuweke mtaji uliobaki. Hoja yake ina uzito. Chupa moja ya wino mweusi namba 103 imekadiriwa kurasa 4,500, na mashine inatoa rangi, inaskani, inaprinti kutoka kwenye simu. Lakini nimemwonyesha jambo moja. Mwanafunzi akija na notisi za mwenzake, karatasi 60 ambazo hazijabaindiwa, anataka kopi, kwenye Epson ile utafunua mfuniko mara 60, maana haina sehemu ya kujilisha karatasi juu. Kuprinti pande mbili pia ni lazima ugeuze karatasi kwa mkono. Na ukurasa wa wino ukiguswa na kidole chenye maji, maandishi yanatambaa, jambo ambalo mtu mwenye fomu za maombi hataki kuliona.

Tumekubaliana Epson tutainunua, ila kwa ajili ya rangi, picha za pasipoti na dharura. Kazi ya kopi itafanywa na mashine ya tona, yaani inayotumia wino wa unga.

13 Januari, Arusha

Nimekuja na fundi ninayemwamini kuangalia mashine zilizotumika. Tumeona kama nane, nyingi Canon na Kyocera. Tumechagua Canon iR2520 kwa sababu mafundi wa Moshi wanaijua, tona yake inapatikana hapa hapa, na inatoa pande mbili yenyewe. Kasi yake ni kurasa 20 za A4 kwa dakika, inatosha duka la mtaani.

Naandika jinsi fundi alivyoikagua, maana peke yangu ningeangalia tu kama inang'aa.

Kwanza aliiacha iwake, akabonyeza kitufe cha `Check Counter`. Kwenye kioo ikatokea `Total 1` ikiwa 186,412. Hiyo ni idadi ya kurasa ambazo mashine imeshatoa maishani mwake. Muuzaji akasema ni chache. Fundi hakubishana, alifungua trei akagusa mipira inayovuta karatasi. Akaniambia kaunta inaweza kuchezewa, lakini mpira ulioisha hauwezi kudanganya: ukiwa laini na unang'aa kama kisigino cha kandambili ya zamani, mashine imefanya kazi nyingi. Ule ulikuwa bado na mikwaruzo yake.

Kisha alitoa kopi 50 mfululizo. Kopi tatu za kwanza, alisema, kila mashine hutoa vizuri. Matatizo hutokea ikishapata moto. Akachukua karatasi moja nyeupe, akaipitisha kwa juu, kwenye sehemu ya kujilisha, halafu akaipitisha ileile kwenye kioo. Kwa juu ilitoka na mstari mwembamba mweusi kutoka juu hadi chini, kwenye kioo ilitoka safi. Nilishaanza kukunja uso, lakini fundi akalowesha kitambaa kwa spiriti, akafuta ukanda mwembamba wa kioo ulio kando ya kioo kikubwa, na mstari ukaisha. Ulikuwa uchafu mdogo kama chembe ya chumvi. "Mstari ukitokea kote kuwili, hapo ndipo uogope dramu," alisema, yaani silinda ya ndani inayobeba tona hadi kwenye karatasi. "Na alama ikijirudia kwa umbali uleule kwenye ukurasa, ujue iko kwenye kitu kinachozunguka."

Tumeshikana kwa 2,100,000. Usafiri wa kilomita kama 80 hadi Moshi ni 60,000. Tumeilaza kwenye magodoro mawili, na kabla ya kuondoka fundi aliitoa tona akaifunga kwenye mfuko peke yake. Ikitikisika ndani barabarani inamwagika, na unga huo ukiingia kwenye vioo ni kazi nyingine.

17 Januari

Vitu vingine sitaviandika kwa urefu: kompyuta ya mezani iliyotumika 420,000, mashine ya kubaindi 180,000, ya laminesheni 110,000, meza na rafu 280,000. TIN nilishaipata TRA, leseni nimeifuatilia manispaa.

Stabilaiza nimenunua ya 160,000. Nilitaka kuichomeka Canon kwenye UPS ya kompyuta, fundi akanizuia. Mashine ya tona ina hita ya kuchomea unga kwenye karatasi, na kila hita inapoamka inavuta umeme mwingi kwa ghafla. UPS ndogo inapiga kelele na kuzima. UPS ni ya kompyuta, ili umeme ukikatika mtu asipoteze kurasa zake. Canon inakaa kwenye stabilaiza.

20 Januari

Tumefungua. Tona mpya nimeiweka leo, ya kuiga, 70,000, boksi lake limeandikwa kurasa 14,600. Kaunta imesoma 186,530 baada ya majaribio. Nimeiandika ukutani kwa penseli.

Bei nilizoanza nazo: kopi 100, kuprinti 200, kutaipu 1,000 kwa ukurasa, kuskani 500. Kuprinti ni zaidi ya kopi ingawa karatasi ni ileile, kwa kuwa mtu huja na faili kwenye flashi au simu, ukilifungua mistari imehama na jedwali limekatika, na dakika tano zinaishia hapo. Kutaipu ndiko kunakokula muda zaidi. Ukurasa wa mwandiko unaosomeka mdogo wangu anaumaliza kwa kama robo saa, wenye majedwali unaweza kufika dakika arobaini. Kwa hiyo jedwali tumeliwekea 1,500, na tunamwambia mteja kabla hatujaanza.

29 Januari

Wanafunzi wanapita wanaenda fremu ya tatu kutoka hapa. Wanatoza 50 kwa kopi. Binti mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Dada, huku kwako pazuri, ila kule ni nusu." Iliniuma, kwa sababu alikuwa na kurasa 80 mkononi.

Mdogo wangu anataka tushushe leo leo. Nimemwambia asubiri niwe na hesabu.

15 Februari

Nimefunga mapema, tumekaa na kikokotoo. Kaunta imesoma 192,770. Toka tufungue mashine imetoa kurasa 6,240. Daftari la mauzo linasema tumelipwa kurasa 5,910. Kurasa 330 zimetoka kwenye mashine na hazijalipwa na mtu.

Niliogopa kwanza kwamba tunaibiwa. Lakini tulipofungua kapu la karatasi zilizoharibika, nyingi zilikuwa mle: kopi zilizokaa upande, kitambulisho kilichokatika kona, cheti kilichotoka cheusi kabla ya kurekebishwa, mteja aliyesema "nilitaka pande mbili" baada ya kazi kuisha. Kwa kila kurasa 100 tunapoteza kama 5.

Sasa hesabu ya ukurasa mmoja, upande mmoja wa karatasi. Karatasi ni 24, kwani rimu ni 12,000. Kurasa zinazoharibika nimeziwekea 2. Tona, nikifuata boksi, ni 70,000 kugawa kwa 14,600, karibu 5. Dramu, mipira na filamu ya fyuza, ile sehemu yenye hita, vitaisha siku moja, na kwa bei alizonipa fundi natakiwa kuweka kando 4 kila ukurasa. Mashine yenyewe niliinunua 2,100,000, na nikiipa kurasa 300,000 zaidi kabla haijawa chuma chakavu, ni 7. Umeme nimeupima kwa LUKU: tunatumia uniti mbili na kidogo kwa siku, kila uniti kama shilingi 356, na kwa wastani wetu wa kurasa 260 inakuja 3.

Jumla ni 45.

Kwa bei ya 50, ninabakiwa na shilingi 5. Kwa kurasa 260 ni 1,300 kwa siku, wakati kodi ya fremu peke yake ni zaidi ya 4,600 kwa kila siku ya kazi. Jirani yetu simlaumu. Huenda fremu ni yake, huenda mashine yake ilishajilipa zamani. Mimi nikimfuata nitakuwa nawalipia wanafunzi kodi.

Lakini mdogo wangu ndiye aliyeona nilichokuwa sikioni. Alizungushia 24 kwa kalamu nyekundu, akasema, "Zaidi ya nusu ya gharama ni karatasi. Sasa ukitoa pande mbili?" Tukapiga upya. Karatasi inagawanywa, 12 kila upande, mengine yanabaki vilevile. Inakuja 33. Kwa bei ileile ya 50 inabaki 17, zaidi ya mara tatu ya ile 5.

17 Februari

Tangazo jipya mlangoni: kopi 100. Kuanzia kurasa 20, ukitoa pande mbili, ukurasa ni 50.

Nilimweleza mteja wa kwanza kwa mfano wa kazi yake mwenyewe. Alikuwa na notisi za kurasa 100. Kwa jirani angelipa 5,000 akabeba karatasi 100. Hapa amelipa 5,000 akabeba karatasi 50, na alipotaka kubaindi akatumia springi nyembamba zaidi. Alifurahi. Kwangu kazi hiyo imebakiza 1,700. Ningeitoa upande mmoja kwa bei ya jirani ingebakiza 500.

Kizuizi ni kwamba si kila kazi inakubali pande mbili. Vyeti na fomu za maombi hutolewa upande mmoja, na wenye kazi hizo wanatoa kopi mbili tatu, hawalalamikii 100. Ripoti za utafiti pia nauliza kwanza, maana mara nyingi mwanafunzi ameshaelekezwa namna ya kuzitoa.

2 Machi

Tona imeisha. Kaunta: 195,870. Boksi liliahidi 14,600, nimepata 9,340. Badala ya shilingi 5 kwa ukurasa nimetumia 7 na nusu. Ile faida ya shilingi 5 kwa kopi ya 50 ya upande mmoja ingekuwa imebaki 2 na nusu, bila mimi kujua.

Nilikuwa tayari kwenda kugombana na aliyeniuzia. Fundi alikuja, akaniomba nimwonyeshe lile kapu la karatasi zilizoharibika, si tona. Akatoa kopi za vitabu na za vitambulisho, akaziweka mezani. Zote zilikuwa na fremu nyeusi pana pembeni. Mdogo wangu akitoa kopi ya kitabu kinene anaacha mfuniko wazi, na kila mahali ambapo hakuna kitabu mashine inapaona giza, inapapaka tona. Namba ya kwenye boksi inahesabiwa kwa ukurasa ambao maandishi yamefunika kama asilimia 6 tu. Kopi ya kitabu kidogo chenye fremu nyeusi inaweza kufunika nusu ya ukurasa. Kopi moja ya namna hiyo inakula tona ya kurasa nane.

Dawa yake haina gharama. Kitambulisho kinafunikwa na karatasi nyeupe kisha mfuniko. Kitabu kinachozuia mfuniko kinatandazwa karatasi nyeupe za A3 pembeni, au kwenye mashine unachagua `Frame Erase`, ambayo inafuta kingo. Nimebandika maelezo hayo juu ya mfuniko kwa herufi kubwa.

9 Machi

Karatasi. Nilinunua boksi la rimu tano kwa msambazaji mpya, 10,500 kwa rimu badala ya 12,000. Kifungashio kimeandikwa gramu 80. Siku ya pili kopi za pande mbili zilianza kuonyesha maandishi ya nyuma, na karatasi zinakwama mara kwa mara kwenye kugeuka.

Kuna hesabu ya shule iliyonisaidia. Karatasi 16 za A4 zinafanya mita moja ya mraba. Kama mita hiyo ina gramu 80, karatasi moja ina gramu 5, na rimu ya 500 ni kilo mbili na nusu kamili, bila kifungashio. Ya gramu 70 ni kama kilo 2.19. Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye mizani ya dukani.

Nimezibeba rimu mbili, moja ya zamani na moja mpya, hadi soko la Mbuyuni kwa mama anayeuza maharage, nikamwomba mizani yake ya kidijiti. Ya zamani, kilo 2.51. Mpya, 2.2. Mama akauliza, "Karatasi nazo zinapunjwa, mwanangu?" Nikamwambia naona zinapunjwa.

Rimu nyingine ya boksi hilohilo ilipima 2.1. Tulikaa tukazihesabu moja moja: 482. Kwa hiyo nilipunjwa uzito na pia idadi. Nimerudisha rimu tatu ambazo hazijafunguliwa, nazo zilipokelewa baada ya kupimwa mbele ya muuzaji. Sasa sinunui boksi bila kupima rimu moja, na nimenunua mizani ya jikoni ya 25,000.

1 Aprili

Masika yameanza kwa nguvu. Asubuhi hii karatasi tano za kwanza zimekwama zote. Zilikuwa zimelala kwenye trei usiku, kingo zimekuwa na mawimbi kama kanga iliyoanikwa vibaya. Kopi iliyofanikiwa kutoka ilikuwa na mabaka yaliyofifia, na ukipitisha kidole unga unatoka.

Karatasi inavuta unyevu wa hewa. Ikipita kwenye joto la fyuza unyevu unatoka ghafla, karatasi inajikunja, na ikirudi kwa ajili ya upande wa pili inagonga badala ya kuteleza. Bei yangu yote imesimama juu ya pande mbili, kwa hiyo mvua inanigusa kuliko jirani anayetoa upande mmoja.

Tunachofanya sasa: jioni trei inatolewa karatasi zote, zinarudi kwenye kifungashio chake na kukunjwa vizuri. Kifungashio cha rimu kwa ndani kina utando wa kuzuia unyevu, nilikuwa nakitupa. Maboksi yametoka sakafuni, yako juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta wa nyuma unaotoa majimaji. Rimu inafunguliwa pale tu inapohitajika. Na tunaangalia mshale ulio ubavuni mwa kifungashio, unaoonyesha upande wa kuprinti kwanza, maana karatasi ina upande inaopenda kujikunjia.

Tahadhari kwa upimaji: karatasi yenye unyevu inaongezeka uzito. Wakati wa mvua rimu ya gramu 80 nzuri ilinipa 2.56. Pima iliyofungwa, si iliyokaa wazi.

11 Aprili

Mteja alileta karatasi zake zilizotumika upande mmoja, akataka tuprinti upande mweupe ili aokoe. Mdogo wangu alimhurumia, akaziweka kwenye trei. Moja ilikuwa na pini ya stepla kwenye kona. Imechana filamu ya fyuza, na sasa kila kopi ilitoka na mchirizi wa tona isiyoshika, mahali palepale. Matengenezo 90,000, na siku moja na nusu bila kazi.

Zile shilingi 4 nilizokuwa naweka kando kila ukurasa zimelipa. Zilikuwa zimefika 70,000 na ushee, nimeongeza kidogo mfukoni. Karatasi ya mteja iliyotumika haiingii tena kwenye Canon. Akiwa nayo, tunampa Epson, moja moja, baada ya kuikagua kwenye mwanga.

22 Aprili

Tona ya pili imeisha leo mchana. Kaunta 207,970. Imetoa kurasa 12,100, aina ileile, bei ileile ya 70,000. Tumeshuka kutoka 7 na nusu hadi chini ya 6 kwa ukurasa, na hakuna kilichobadilika isipokuwa karatasi nyeupe juu ya vitambulisho na vitabu.

Nimerekebisha hesabu ukutani: upande mmoja 46, pande mbili 34. Kurasa zinazoharibika zimebaki zilezile kwa sababu ya mvua, tutaona mwezi wa sita. Daftari la kaunta sasa linaandikwa asubuhi na jioni, na anayeandika ni mdogo wangu. Kesho naenda kuongea na kiongozi wa darasa la mwaka wa pili. Wanataka notisi za watu 64, kurasa 38 kila mmoja, na anaomba ukurasa 40. Kwa pande mbili inabaki shilingi 6 kwa ukurasa, kurasa 2,432, ambayo ni 14,592 kwa saa kama mbili na nusu za mashine. Nitamwambia 45, na kubaindi 1,500 kwa kitabu.